Kurudia si Kukazia

Imekuwa ada katika vitabu vya skuli kueleza jambo hili kwa mstari mmoja: mtunzi au msemaji akirudia neno, amefanya takriri, na lengo la takriri ni kusisitiza. Mwanafunzi huukariri mstari huo, huujibia mtihani, hupata alama zake, na akiwa mwalimu huwarithisha wengine. Wahariri nao wameuamini. Wakikutana na neno lililorudiwa katika mswada, hulitazama kama kilemba juu ya kilemba: ama hulifuta, ama hulibadilisha wakaweka neno moja na "sana" mbele yake, wakidhani wamelitunza wazo na kuokoa wino.

Hao hawajawahi kujiuliza kuhusu "sana" yenyewe. Lau kurudia kungekuwa kukazia, basi "sanasana" lingekuwa neno lenye nguvu kuliko yote katika Kiswahili, maana ni neno la kukazia lililorudiwa. Kumbe sivyo. Mwenye duka akiambiwa, "Sanasana nitakulipa elfu mbili," haelewi kwamba atalipwa fedha nyingi mno. Anaelewa kuwa hapo ndipo mwisho, pengine atapata chini ya hapo. Neno limerudiwa, na badala ya kupanda limewekewa dari. "Juu" nalo ni palepale. Juu ni kimo. "Juujuu" ni utando wa usoni tu. Aliyesoma kitabu juujuu hakupaa nacho popote, na kidonda cha juujuu hakimpeleki mtu hospitali.

Itasemwa kwamba haya ni maneno mawili ya mkosi, na kwamba lugha haiamuliwi kwa vighairi. Basi na zitazamwe rangi, ambazo si vighairi. Mswahili anapotaka kusema kuwa kitambaa ni chekundu kupindukia, haseme "chekunduchekundu". Akisema hivyo, msikilizaji ataona kitambaa chenye wekundu wa kubahatisha, wekundu uliopauka au uliochanganyika na rangi nyingine. Wekundu uliokamilika una neno lake: chekundu ndu! Kama ambavyo weupe ni pe, na weusi ni ti. Lugha imetenga vyombo viwili tofauti, kimoja cha kushindilia na kimoja cha kuzimua, na wala havichanganywi. Mtoto wa miaka 5 mjini Unguja hakosei hapo. Anayekosea ni aliyefundishwa.

Basi kurudia hufanya nini? Wataalamu wa isimu huliita jambo hili uradidi, na ni vyema jina hilo litumike ili litengane na takriri ya malenga, ambayo ni kitu kingine na itazungumzwa hapo mbele. Kazi ya msingi ya uradidi si kukaza bali ni kutawanya. Neno lililorudiwa hulichukua tendo au sifa iliyokuwa kitu kimoja, ikaigawa vipandevipande na kuimwaga huku na huko. Kinachofuata hutegemea ni kitu gani kilichomwagwa.

Kitenzi kama "vunja" humaliza kazi yake ndani ya kitu. Ukilitawanya tendo la kuvunja juu ya chungu kimoja, chungu hakina pa kuponea: amekivunjavunja, yaani vigae havihesabiki. "Chanachana", "katakata" na "pasuapasua" ni ndugu wa kitenzi hicho, na kwa kweli vyote vina ukali. Hawa ndio mashahidi ambao watu wa msisitizo hukimbilia kuwaita. Lakini ukali wao hautoki katika kurudia. Unatoka katika chungu, karatasi na nyama, vitu visivyoweza kutawanyiwa tendo vikabaki vizima.

Kitenzi kama "soma" ni cha namna nyingine. Kusoma kuna mwisho unaotafutwa: kitabu kiishe, au maana ishikwe. Ukilitawanya tendo hilo, mwisho haufikiwi. Aliyesomasoma gazeti amegusa hapa, amegusa pale, akaliweka. Aliyejaribujaribu hakujaribu kwa nguvu zaidi ya aliyejaribu. Aliyetafutatafuta hakupekua nyumba nzima. Mchezo ni uleule, lakini safari hii unapunguza. Sifa nazo hufuata mkondo huohuo: jiwe "kubwakubwa" halifikii kuwa kubwa, ila "mawe makubwamakubwa" ni mengi na kila moja ni kubwa, kwa kuwa pale pana mawe ya kugawiwa ukubwa, ilhali jiwe moja halina mwenzake wa kugawana naye, basi ukubwa wenyewe ndio unaopungua.

Kuna jaribio dogo la kumtambua nani ni nani. Weka "kidogo" baada ya neno lililorudiwa, kisha liondoe uweke "kabisa". "Amesomasoma kidogo" hupita vizuri kooni; "amesomasoma kabisa" hukwama. "Amekivunjavunja kabisa" hupita. "Amekivunjavunja kidogo" huchekesha. Jaribio hili halihitaji kamusi wala shahada, linahitaji sikio tu.

Mipaka ipo, na haifai kufichwa. Vielezi kama "kweli kweli" na "upesi upesi" vina mkazo bila shaka, na aliyekataa "katakata" hakukataa nusunusu. Maneno ya kuigiza sauti na hali nayo hukaza kwa kujirudia: aliyelala fofofo hana habari ya dunia. Hakuna anayepinga kwamba Kiswahili kinajua kukazia kwa kurudia. Kinachopingwa ni kuifanya njia moja ya pembeni kuwa barabara kuu, kisha kuwaamrisha watu wote wapite humo.

Yamkini msomaji wa visiwani na mwambao ataona mjadala huu ni wa starehe, wa kupigia soga barazani. Starehe hiyo ni yake kwa sababu amezaliwa na lugha hii, na kosa la kitabu halimdhuru, kwa kuwa sikio lake humsahihisha. Ili kuona madhara, inafaa kusafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi hadi Kabanga, katika Kasulu, nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Huko lugha ya nyumbani ni Kiha, na Kiswahili ni lugha ya pili kwa walio wengi. Si kwamba ni kigeni: Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wameshapiga kambi kitambo, na lugha ya misafara ilikuwa imekwisha kutia nanga ziwani. Lakini ni lugha ambayo mtoto wa Kabanga huipokea kwa sehemu kubwa darasani. Tena Kabanga pana chuo cha ualimu. Kwa hiyo kinachoandikwa katika kitabu kuhusu maana ya kurudia hakiishii katika mtihani wa mtu mmoja. Hutoka hapo na walimu wapya, kikaenda vijijini.

Mkulima wa nyanda hizo anaposema, katika msimu wa kupanda maharage, "Mvua imenyeshanyesha," anatoa taarifa ya kilimo. Anasema kwamba mvua imekuja ikakatika, ikarudi ikakatika, na udongo umelowa juujuu. Asiyemwelewa huona amesema mvua imenyesha mno, akatia mbegu ardhini. Mama anaposema, "Mtoto anaumwaumwa," hasemi kwamba mtoto yu mahututi, wala hasemi kwamba mtoto ni mzima. Anasema maradhi yanakuja na kwenda, leo homa, kesho anacheza, keshokutwa homa tena. Hiyo ni habari nzito kwa mganga yeyote, kwa sababu homa inayoondoka na kurudi ni dalili, na anayeiandika "anaumwa sana" ameifuta dalili hiyo na kuweka kelele mahali pake.

Na hapa watu wa pwani wana shutuma yao ya zamani, kwamba watu wa bara hurudiarudia maneno kwa uhaba wa msamiati. Ni dharau isiyo na msingi. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na katika lugha hizo, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, kitenzi hurudiwa kwa maana mahsusi. Kutoka "kugenda", ambako ndiko kwenda, hupatikana "kugendagenda", kwenda huku na huko bila kukusudia mahali pamoja. Msemaji wa Kabanga hakuja na mikono mitupu. Amekuja na hisia ya kutawanya iliyo sahihi kabisa, hisia ileile iliyomo katika "tembeatembea" la Mswahili. Skuli humpokea, humpokonya hisia hiyo, na kumpa badala yake msisitizo usiomsaidia. Aliyekuwa akijua huondoka hajui.

Madhara makubwa kuliko yote, hata hivyo, hayako shambani wala darasani. Yako mahakamani. Kwa miaka mingi ushahidi katika Tanzania ulitolewa kwa Kiswahili, lakini katika mahakama za wilaya na zile za juu yake kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kiingereza hakina desturi ya kukirudia kitenzi kwa namna hii. Aliyeandika kumbukumbu alilazimika kuchagua: aongeze maneno mengine, au aandike kitenzi kimoja na kupita.

Hebu mfikirie shahidi, mwanamke, akisema mbele ya hakimu, "Alikuwa akinishikashika." Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua alichosema. Amesema mambo matatu kwa neno moja: kwamba alishikwa zaidi ya mara moja, kwamba mikono ilihama kutoka sehemu hadi sehemu, na kwamba hakukuwa na mshiko mmoja wa nguvu, bali miguso. Aliyeandika "alinishika" amefuta mawili ya kwanza, na tendo la aibu limegeuka kuwa jambo la kawaida, kama mtu aliyemshika mwenzake mkono kumvusha njia. Lakini aliyeamini kwamba kurudia ni kukazia hufanya vibaya zaidi. Huandika kwamba alishikwa kwa nguvu. Siku ya kuhojiwa, wakili wa upande wa pili husimama na kuuliza: hizo nguvu ziko wapi? Alama ziko wapi? Mbona hukupiga kelele? Shahidi hujibu kwa ukweli kwamba hakubanwa, na kumbukumbu husomwa mbele yake kuonesha kwamba anajipinga. Hakujipinga. Alisema neno moja sawasawa, na neno hilo likatafsiriwa na mtu aliyefundishwa vibaya maana ya kurudia.

Sheria ya 2021 imeondoa sehemu ya tatizo, haijaondoa lote. Kumbukumbu ikiwa kwa Kiswahili, mwandishi bado anaweza kulifupisha neno, akiona kwamba kurudia ni pambo la mdomo lisilostahili karatasi rasmi. Na kama skuli imemfundisha hivyo, atalifupisha kwa dhamiri safi.

Zimebaki lawama za ushairi, na hizi hazitupwi Kigoma, zinatupwa hapahapa. Watunzi wengi wa visiwani na mwambao wanaowacheka watu wa bara wameugeuza uradidi kuwa mchanga wa kujazia msingi. Mizani ya kipande inatakiwa iwe 8, maneno yamegota kwenye 6, basi kitenzi kinarudiwa, hesabu inatimia, beti linasonga. Mtunzi hujifariji kwamba amekazia.

Chukua kipande cha mizani 8 kama hiki: "Moyo wangu unalia." Ni kipande cha kawaida, hakina makuu, lakini kinasema kilio. Sasa mtunzi anahitaji kuliondoa "wangu", pengine kwa sababu amekwisha kulitumia katika mshororo uliotangulia. Anaandika: "Moyo unalialia." Mizani ni 8 ileile, haikupungua wala kuzidi. Karani wa mizani ataridhika. Lakini kulialia si kulia. Mtoto aliyeshiba na kukosa usingizi ndiye anayelialia, mfiwa hulia. Shairi la maombolezo limepata moyo unaodeka, na mtunzi hakutambua, kwa kuwa alihesabu silabi bila kupima neno.

Mfano wa mapenzi una uchungu zaidi. "Nakupenda, nakupenda" ni mizani 8, na hapo ndipo takriri ya kweli ilipo: neno zima limerudi pamoja na viambishi vyake, kila moja lina shadda yake, na katikati pana pumzi. Hiyo ni kukazia, na vitabu vya skuli havikukosea kwa hilo. "Nakupendapenda wewe" nayo ni mizani 8. Ila huyu hakupenda. Huyu anapendapenda, kama mtu apitaye sokoni akashika embe hili na lile bila kununua. Mpenzi aliyeandikiwa kipande cha pili, kama ana sikio, ana haki ya kuhuzunika.

Tofauti baina ya vipande hivi viwili ndiyo inayotenganisha takriri na uradidi, na inasikika kabla ya kuonekana. Katika takriri neno zima hurudi. Katika uradidi wa kitenzi hurudi shina tu, na kiambishi cha nafsi na cha wakati hubaki mbele peke yao, nayo shadda kuu ni moja, karibu na mwisho wa neno lote. (Vitenzi vifupi vina ujanja wao. "Kula" hurudiwa pamoja na "ku" yake, "anakulakula", kwa kuwa shina "la" likirudiwa peke yake litatoa "lala", na mlaji atapelekwa kitandani.) Ndiyo maana "Maji! Maji!" ya wapiganaji wa kusini katika vita vya mwaka 1905 hadi 1907 haihusiani kabisa na sakafu yenye majimaji. Kwa wapiganaji ni neno kamili lililopigiwa ukelele mara ya pili, lina imani na lina damu. Sakafuni ni unyevu tu. Herufi ni zilezile. Anayezisoma kwa sauti moja hajui mojawapo.

Kwa hiyo mhariri anayeunganisha au kutenganisha maneno haya apendavyo hafanyi kazi ya unadhifu, anaamua maana. Mtunzi akiandika "sana, sana" kwa koma, amekazia. Akiandika "sanasana" kwa neno moja, ameweka dari. Mpiga chapa anayeiondoa koma kwa sababu mstari umerefuka amemfanya mtunzi aseme kinyume. Vivyo hivyo mfasiri: akikuta katika lugha ya kigeni mtu aliyetabasamu nusunusu, ana "chekacheka" mkononi na hahitaji kuandika "alicheka kidogo". Na akifasiri kutoka Kiswahili kwenda nje, akakutana na mzee anayetembeatembea uani, asimpe hatua ndefu wala bidii. Mzee huyo haendi popote.

Wahenga walilijua hili bila kulipa jina. Waliposema kwamba bandu bandu huisha gogo, hawakumaanisha pigo kubwa la shoka. Walimaanisha vibanzi, kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kidogo. Na chovya chovya iliyomaliza buyu la asali ilikuwa ncha ya kidole tu. Mwalimu wa Kabanga, au wa Makunduchi, anayetaka kufundisha uradidi angeweza kuanza na methali hizo mbili ubaoni, kisha akawauliza wanafunzi pigo lilikuwa zito au jepesi, na kidole kilizama kiasi gani. Watajibu sahihi kabla hajafungua kitabu, kisha awape neno la mkulima wa maharage na lile la shahidi, waweke "kidogo", waweke "kabisa", wasikilize.